Sifa Zisizo na Ushahidi

Twataka kusema leo juu ya maneno matatu ambayo yameandikwa mara nyingi mno katika fomu za kuwapima walimu, wauguzi na makarani: "Ana ushirikiano mzuri." Wasomaji wetu wengi wameyaona maneno hayo juu ya majina yao wenyewe, na wengine wameyaandika juu ya majina ya watu walio chini yao. Sisi pia tumeyaandika, miaka mingi, wala hatukuona haya. Kwa hiyo tusemayo leo twayasema kwanza juu yetu.

Twasema ya kuwa maneno hayo, yakiandikwa peke yake, si sifa. Aliyeyaandika hakusema uongo, lakini hakusema kweli pia, kwa kuwa hakutaja jambo lo lote ambalo mtu mwingine angeweza kwenda kulitazama, akarudi na kusema, "Ndivyo," au "Sivyo." Na ndugu ya maneno hayo, "Hana ushirikiano," ni mabaya zaidi, kwa kuwa mtu aliyeandikiwa hivyo hana mahali pa kushika ili ajitetee, wala hana njia ya kujua afanye nini kesho ili asiandikiwe hivyo tena.

Wako watakaosema hili ni jambo dogo la makaratasi. Basi na tueleze jinsi lilivyotupata sisi.

Katikati ya mwaka 2024 tuliitwa kuketi katika kamati ya shule moja ya msingi, ambayo hatutaitaja. Mwalimu wa taaluma alikuwa akistaafu, na kamati iliombwa shauri ni nani awekwe mahali pake. Walikuwapo wawili wenye vyeti sawa na miaka ya kazi karibu sawa. Mwalimu Mkuu aliweka mezani fomu zao za mwaka. Ya mwalimu wa kwanza ilisema, "Ana ushirikiano mzuri, ni mtu wa watu." Ya mwalimu wa pili ilisema, "Ni mchapakazi ila hana ushirikiano." Tulisoma, tukatikisa vichwa, na shauri lilikuwa karibu kwisha. Mwalimu wa taaluma hufanya kazi na walimu wote. Nani atamchagua asiye na ushirikiano?

Ndipo mzee mmoja wa kamati, mkulima asiyepata kufundisha hata siku moja, akauliza, "Mwalimu, huyu wa pili alifanya nini?"

Mwalimu Mkuu akajibu, "Mzee wangu, ndiyo tabia yake. Walimu wote wanamjua."

Mzee akasema, "Nimesikia ya kuwa wanamjua. Mimi simjui, na ninaombwa kumkata. Nauliza alifanya nini, na lini."

Mwalimu Mkuu alinyamaza. Hakuwa mtu mbaya, wala hakumchukia yule mwalimu. Alikuwa hana jibu tu, kwa kuwa fomu aliijaza jioni moja ya mwezi wa Juni, pamoja na fomu nyingine nane, akiandika yale yaliyokuwa moyoni mwake jioni ile. Aliomba wiki moja ili atazame vitabu vya shule. Twamsifu kwa kuomba.

Kabla hatujasema alichokiona, yafaa tueleze kwa nini mtu mwema huandika hivyo. Sababu moja imejulikana zaidi ya miaka mia. Mwaka 1920 mwana-elimu wa Amerika, Edward Thorndike, alichapisha maandishi juu ya maofisa wa jeshi waliopimwa na wakubwa wao. Wakubwa walitakiwa kutoa alama mbalimbali kwa umbo la mwili, akili, uongozi na tabia, kila moja peke yake. Lakini alama zile zilifuatana mno kuliko ilivyowezekana kuwa kweli. Aliyependeza kwa umbo alionekana kuwa na akili na uongozi pia. Mkubwa alikuwa na wazo moja juu ya mtu mzima, jema au baya, na wazo hilo lilipaka rangi kila kitu. Hivyo ndivyo yule mwalimu wa kwanza, ambaye ni mcheshi, huamkia kila mtu, na hakosi msibani, alivyopata neno "ushirikiano." Na yule wa pili, ambaye ni mkimya na huondoka mapema, alivyolikosa.

Sababu ya pili ni ya kusahau. Mwaka wa kupimwa una miezi kumi na miwili, na anayejaza fomu mwezi wa Juni hukumbuka Mei vizuri, Aprili kidogo, na Agosti hakumbuki kabisa. Basi hupima wiki sita akaziita mwaka.

Wala fomu mpya peke yake haiponyi ugonjwa huu. Katika Tanzania, mwaka 2004, serikali iliacha taarifa za siri zilizoandikwa juu ya watumishi pasipo wao kuziona, ikaweka Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao wengi waliujua kwa jina la OPRAS. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa mtumishi na mkubwa wake walipaswa kukubaliana malengo mwanzoni, kisha kuyatazama pamoja. Lakini katika fomu ile ile kulikuwa na sehemu ya sifa za utendaji, na humo uwezo wa kufanya kazi pamoja na wengine ulipewa alama, toka 1 iliyo ya juu hata 5 iliyo ya chini. Mkubwa aliyezoea kuandika "mzuri" aliweza kuandika 2, naye aliyesoma 2 hakujua zaidi ya yule aliyesoma "mzuri." Tangu mwaka wa fedha 2023/24 mfumo huo umeachiwa nafasi na ule wa kompyuta uitwao PEPMIS. Hata huko, mtu asiyejua alichokiona hataonyeshwa na kompyuta.

Sasa turudi shuleni. Baada ya wiki moja Mwalimu Mkuu alikuja na kitabu cha zamu, kitabu cha kumbukumbu za mikutano, na daftari la kupokelea alama za mitihani. Kwanza tulifanya jambo moja ambalo lilipasa kufanywa kabla ya fomu kujazwa: tuliuliza neno "ushirikiano" katika shule ile lina maana ya matendo gani. Tulikubaliana juu ya matatu. La kwanza, kushika kazi ya mwenzako anapokuwa hayupo. La pili, kuleta sehemu yako ya kazi kwa wakati, ili wanaokungoja wasikwame. La tatu, kupashana habari, ambayo ndiyo kazi ya mikutano. Katika kazi nyingine matendo yatakuwa mengine. Muuguzi atapimwa kwa jinsi anavyomkabidhi mwenzake wagonjwa zamu zinapobadilishana. Lakini kila mahali neno kubwa lazima livunjwe hata lionekane mikono na miguu yake.

Kisha tukatazama vitabu, tendo kwa tendo.

Mwalimu wa darasa la nne aliugua toka tarehe 4 hata tarehe 22 Machi. Vipindi vyake vya hesabu, vitano kila wiki, vyote kumi na vitano, vilifundishwa na yule mwalimu wa pili, aliyeandikwa kuwa hana ushirikiano. Hakuna aliyemwagiza. Tena mgonjwa aliporudi alikuta mezani daftari lenye mada zilizofundishwa, pamoja na majina ya watoto sita ambao hawakuweza kutoa kwa kukopa. Mwalimu Mkuu alikuwa amelijua jambo hilo mwezi wa Machi. Mwezi wa Juni lilikuwa limemtoka.

Katika daftari la alama, siku ya mwisho ya kuleta alama za muhula ilikuwa tarehe 5. Mwalimu wa pili alileta tarehe 4. Mwalimu wa kwanza, mtu wa watu, alileta tarehe 14, na muhula uliotangulia alichelewa siku sita. Kwa ajili hiyo walimu wawili wa darasa walikaa shuleni mpaka usiku wakimaliza taarifa za wazazi.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa vitabu vilimsafisha mmoja na kumchafua mwingine. Katika mikutano tisa ya walimu mwaka ule, mwalimu wa pili alikosa minne. Mikutano ilifanywa Ijumaa saa tisa na nusu alasiri, na gari la mwisho la kwenda kwao huondoka saa kumi. Hilo ni udhuru. Lakini hakuwahi kumwambia Mwalimu Mkuu udhuru huo, wala hakuwa na desturi ya kusoma kumbukumbu Jumatatu, hata mara moja ratiba ya mtihani ilibadilishwa mkutanoni, na darasa la sita likakaa nusu saa bila msimamizi kwa kuwa yeye hakujua. Hilo ni kosa, na ni kosa la ushirikiano. Naye mwalimu wa kwanza, yule mwenzao alipougua, ndiye aliyetafuta gari usiku na kumfikisha hospitali, kisha akakusanya michango ya dawa. Hilo ni tendo jema, na ni la ushirikiano.

Tazameni basi. Maneno mawili, "mzuri" na "hana," yalikuwa yameficha mambo matano yaliyo kweli. Baada ya kuyaona, fomu ziliandikwa upya. Ya mwalimu wa pili ikawa hivi:

"Mwezi wa Machi alifundisha vipindi 15 vya hesabu vya mwenzake mgonjwa bila kuagizwa, akamwachia daftari la mada na majina ya watoto sita waliohitaji msaada, mwenzake aliendelea siku ile ile aliyorudi. Alikosa mikutano 4 kati ya 9 bila kutoa habari, na mara moja darasa la sita lilikosa msimamizi wa mtihani kwa nusu saa kwa sababu hiyo. Tumekubaliana mkutano uanze saa tisa kamili, naye asipoweza kufika atoe habari kabla, na asome kumbukumbu Jumatatu asubuhi."

Maneno haya si ya kupendeza sana, lakini kila sentensi yaweza kushikwa. Imetajwa lini, mtu alifanya nini, na jambo gani lilitokea kwa ajili ya tendo lake. Mwishoni limetajwa litakalofuata. Mambo hayo manne yakiwapo, maoni yamekamilika. Likikosekana la tatu, yaani lililotokea, msomaji hajui kwa nini jambo lile lina uzito. Likikosekana la nne, mtu ameambiwa kosa lake akaachwa nalo.

Njia hii si yetu. Mwana-elimu mwingine wa Amerika, John Flanagan, aliieleza mwaka 1954, baada ya yeye na wenzake kuitumia katika jeshi la anga wakati wa vita vya pili vya dunia. Hawakuwauliza askari kama kiongozi fulani ni "mzuri." Waliwaomba waliorudi vitani waeleze tukio waliloliona wenyewe, ambamo mtu alifanya tendo lililosaidia sana kazi au lililoiharibu. Kutokana na matukio mengi ya namna hiyo ndipo walipojua uongozi ni matendo gani. Yule mzee wa kamati hakupata kusikia habari za Flanagan, lakini swali lake lilikuwa lile lile.

Sasa na tuwajibu wanaotupinga, kwa kuwa wapo, nasi twawaheshimu.

Wa kwanza husema, "Kizuri chajiuza. Mwalimu mwema anajulikana. Hana haja ya ushahidi." Twajibu ya kuwa kizuri hujiuza sokoni, mahali ambapo mnunuzi hukiona kwa macho. Fomu husomwa na mtu aliye mbali ambaye haoni kitu ila maandishi. Vipindi kumi na vitano vya mwezi wa Machi havikujiuza. Vilisahauliwa na mtu yule yule aliyeviona.

Wa pili husema, "Hatuna nafasi ya kuandika yote hayo." Hatusemi yaandikwe yote. Mkubwa awe na daftari dogo, na kwa kila mtu aliye chini yake aandike mistari miwili kila baada ya wiki mbili: tarehe, tendo, lililotokea. Mwalimu Mkuu yule ana walimu tisa. Kila mmoja akichukua dakika mbili, ni dakika kumi na nane kwa wiki mbili. Ifikapo Juni fomu karibu imejiandika. Kama wiki mbili zimepita wala hukuona neno juu ya mtu fulani, hiyo nayo ni habari: hukwenda kumtazama.

Wa tatu husema, na hili ni neno zito, "Daftari kama hilo ni upelelezi. Watu wataogopana." Twakiri ya kuwa daftari la siri lingekuwa hivyo, tena lingeturudisha kwenye taarifa za siri zilizoachwa. Kwa hiyo twaweka sharti: lililoandikwa aambiwe mwenyewe wiki ile ile, liwe jema au baya, naye akiwa na udhuru uandikwe karibu yake. Kama mwalimu wa pili angeambiwa juu ya mikutano baada ya kukosa wa kwanza, habari ya gari la saa kumi ingejulikana, na darasa la sita lisingekosa msimamizi. Pia liandikwe lile uliloliona mwenyewe au lililo katika kitabu cha shule. Yaliyosemwa na fulani chini ya mwembe yasiingie.

Wa nne husema ya kuwa si kila kitu chaweza kuhesabiwa. Ni kweli, wala hatukusema ushahidi ni hesabu. Daftari lililoachwa mezani halina namba ya kulipima, lakini ni ushahidi, kwa kuwa ni tendo lenye mahali na siku. Kinyume chake, "Alihudhuria mikutano 9 kati ya 9" ni hesabu iliyo sahihi ambayo yaweza kuwa ya mtu aliyesinzia katika yote tisa. Namba isiyofuatwa na lililotokea ni neno tupu jingine.

Hata hivyo twaonya juu ya mpaka wa njia hii. Tukio moja si tabia. Mtu aliyechelewa mara moja asiandikwe kuwa "huchelewa". Iandikwe mara moja, na tarehe yake. Ukitaka kusema "huchelewa," uwe na mara tatu au nne zilizotawanyika katika mwaka. Na pale usipoona neno lo lote, andika, "Sikuona," wala usijaze nafasi kwa sababu nafasi ipo.

Yeyote anayetaka kujaribu fomu aliyokwisha kuandika na afanye majaribio mawili. Kwanza, afunike jina, amsomee mtu mwingine wa kazini. Asipoweza kutambua ni nani, maoni yale ni ya kila mtu, yaani si ya mtu. Pili, ajiulize, "Mtu akikataa neno hili, nitamwonyesha nini?" Kama hana cha kuonyesha, afute.

Kamati ile ilimpendekeza mwalimu wa pili, kwa kuwa kazi ya taaluma ni alama, vipindi na madaftari, nayo aliifanya mbele ya macho yetu katika vitabu vitatu. Mwalimu wa kwanza alipewa kusimamia afya na maslahi ya walimu na watoto, kazi ambayo ile safari ya usiku ya kwenda hospitali ilimshuhudia. Mikutano sasa huanza saa tisa kamili. Wala hatukuwa na busara kuliko zamani. Kama mzee yule asingeuliza, tungemkata mtu kwa neno moja, naye angekwenda nyumbani asijue kosa lake.

Kwa hiyo twawasihi ninyi mnaoketi katika kamati za shule, za zahanati na za ushirika: mkiletewa fomu inayosema fulani ni mzuri au fulani hafai, msitie sahihi. Ulizeni alifanya nini, na lini. Na ninyi mnaopimwa, mkiandikiwa "Ana ushirikiano mzuri," msifurahi upesi. Ulizeni swali lilo hilo kwa adabu, mpate kujua ni tendo gani mlirudie.